Kukataa ofa ya kazi bila kujifungia mlango

*Mimi ni mhasibu. Kampuni moja imenipa ofa ya mhasibu mwandamizi baada ya usaili mara tatu, na meneja wa fedha wa pale amenitendea wema sana. Ila nimepata ofa nyingine ya mchambuzi wa fedha, ndiyo kazi ninayoitaka, na mshahara wake umezidi kidogo. Barua ya kwanza imekuja Jumatatu na jibu wanalitaka mwisho Ijumaa. Nikatae vipi bila kuwaudhi? Baada ya miaka miwili mitatu huenda nikataka kwenda kwao, na wahenga walishatuonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Je, niseme ni mshahara?*

Usiseme ni mshahara, na usikatae leo.

Nianze na hilo la pili. Hujasema ofa ya uchambuzi umeipata kwa njia gani, na hapo ndipo watu wengi huumia. Ikiwa mtu amekupigia simu tu na kukwambia "hongera, umepita", huna ofa bado, una habari njema. Subiri barua yenye cheo, mshahara, tarehe ya kuanza na masharti, kisha usome hayo masharti kwa makini. Barua nyingi husema ofa itathibitishwa baada ya kuwasiliana na wadhamini wako, kuhakiki vyeti, na pengine kupima afya. Maana yake ni kwamba inaweza kufutwa. Irudishe ikiwa na saini yako, upate jibu kwamba wameipokea, na kama kuna sharti ambalo una shaka nalo, ulizia limefikia wapi kabla hujaachia ofa nyingine.

Ikiwa hayo hayatakamilika kabla ya Ijumaa, omba muda. Omba mara moja tu, taja siku, na usiseme uongo kuhusu sababu: "Ningependa kutoa jibu la uhakika, lisilobadilika. Je, naweza kulileta Jumanne saa nne asubuhi?" Siku mbili tatu za kazi mwajiri huzielewa. Wiki mbili humfanya aanze kukutilia shaka, na ombi la pili humfanya ampigie mtu mwingine.

Jambo moja usilifanye hata ukibanwa vipi: kukubali ofa ya kwanza ili ikae kama akiba, halafu ujitoe. Mtu anayekataa kabla ya kukubali amefanya uchaguzi wake, na kila mwajiri analielewa hilo. Anayekubali kisha akajitoa amewaacha wakiwa wameshawaandikia wengine barua za kuwashukuru na kuwaaga, wamefunga tangazo, na labda wameshaandaa kompyuta. Huyo ndiye anayekumbukwa kwa ubaya. Tena, ukishatia saini, suala linaweza kuwa la mkataba na notisi, si la adabu peke yake.

Ukishakuwa na barua ya pili mkononi, usisubiri siku ya mwisho. Nyuma yako karibu kila mara yupo mwombaji wa pili, aliyefanya vizuri kwenye usaili na ambaye hajaambiwa lolote. Ukikataa Jumatano asubuhi, meneja anaweza kumpigia siku hiyohiyo naye akawa bado yupo huru. Ukikataa Ijumaa jioni, simu yake itapigwa Jumatatu, na huenda kwa wakati huo ameshachukua kazi kwingine. Hapo meneja anarudi mwanzo: tangazo jipya, jopo jipya, usaili mpya, na yeye mwenyewe anafunga hesabu za mwezi akiwa na mtu pungufu. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko maneno yote matamu utakayoandika. Namna watakavyokukumbuka itategemea zaidi hasara uliyowaachia kuliko shukrani ulizotoa.

Sasa, umwambie nani? Barua imetoka kwa afisa rasilimali watu, kwa hiyo wengi humjibu yeye tu na kuona wamemaliza. Lakini mtu aliyekutaka ni meneja wa fedha. Yeye ndiye aliyekutetea mbele ya jopo na kuomba kibali cha kukuajiri, na yeye ndiye atakayekukumbuka nafasi nyingine ikitokea. Asizipate habari zako kwa kupelekewa barua pepe na idara nyingine. Mpigie simu kwanza, kisha ndani ya nusu saa mwandikie afisa rasilimali watu na umnakili meneja. Kama ofa ilikuja kupitia wakala wa ajira, mpango unabadilika: wakala anaambiwa kwanza, kwa sababu ujira wake unategemea ajira yako, na ukimruka utakuwa umeudhi watu wawili badala ya mmoja. Kama kuna mtu ndani ya kampuni aliyekupendekeza, naye ajulishwe siku ileile, mapema, ili asije akaulizwa na bosi wake jambo asilolijua.

Kuna mtego mdogo hapa. Kama ofa imetumwa kupitia mfumo wa maombi wenye kitufe cha kukubali na cha kukataa, usikibonyeze kabla ya simu. Mifumo mingi hutuma taarifa papo hapo kwa kila anayehusika, na meneja atapata ujumbe wa mashine ulioandikwa "mwombaji amekataa" wakati wewe bado unatafuta namba yake.

Piga asubuhi ya siku ya kazi, baada ya pilikapilika za mwanzo kutulia. Wewe ni mhasibu, kwa hiyo unajua siku za kumkwepa: zile za kufunga mwezi. Kama zimeangukia hapohapo, mtumie ujumbe mfupi kumwomba dakika tano. Asipopokea mara mbili, mwandikie barua pepe hivyohivyo na useme ulijaribu kumpata kwa simu. Kuchelewesha jibu kwa siku nzima eti kwa sababu simu haikupokelewa ni kumwongezea hasara ileile tuliyoizungumza.

Kwenye simu, kukataa kuwe katika sentensi ya kwanza au ya pili. Ukianza na dakika mbili za sifa kwa kampuni, ataanza kufurahi akidhani umekubali, na pigo litakuwa kubwa zaidi. Maneno kama haya yanatosha:

"Habari za asubuhi. Nakupigia kuhusu ofa. Nimefikiri vya kutosha na nimeamua kutoichukua, nikaona nikwambie mwenyewe kabla sijaandika. Nimechagua kazi ya upande wa bajeti na makadirio, ndiyo njia ninayotaka kuifuata kwa miaka michache ijayo."

Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakuwa kizito, na ndicho huwafanya watu wengi waanze kujieleza: mara umbali, mara familia, mara mshahara. Kila sababu unayoongeza inadhoofisha ile ya kwanza. Mwache yeye azungumze.

Hapa ndipo suala la mshahara linapoingia, na nitakaa nalo kidogo kwa sababu umeliuliza waziwazi.

Sababu unayoitoa haipotei hewani. Kampuni zenye mfumo wa kuhifadhi maombi huwa na sehemu ya kuandika kwa nini mwombaji alikataa, na mara nyingi afisa huchagua kutoka kwenye orodha fupi: mshahara, mahali, ofa nyingine, sababu binafsi. Miaka miwili baadaye mtu mwingine akifungua jina lako, huenda asione barua yako nzuri wala wema wa meneja. Ataona neno moja. Kama neno hilo ni "mshahara", unaweza kuwekwa pembeni kwenye nafasi ambayo ungeichukua kwa furaha, kwa kudhaniwa tu kwamba huwezekani.

Halafu kuna athari ya papo hapo. Ukisema ni mshahara, meneja mwema atafanya kile meneja mwema hufanya: ataomba siku mbili, ataenda kwa wakubwa kuomba wapandishe dau, na atatumia heshima yake kwa ajili yako. Akirudi na nyongeza halafu ukakataa tena, utakuwa umemwaibisha mbele ya waliompa kibali. Watu wengi walioanza vizuri wameharibikiwa hapo hasa, na mara nyingi hawajui kwa nini simu zilikoma.

Kwa hiyo sababu ya kutoa iwe moja, iwe ya kweli, ihusu kazi na si watu, na iwe kitu ambacho hawawezi kukirekebisha leo. Yako unayo tayari. Mhasibu mwandamizi hutumia sehemu kubwa ya mwezi kwenye kufunga hesabu, usuluhishi wa benki, malipo na kujibu maswali ya wakaguzi. Mchambuzi hukaa na bajeti, makadirio na taarifa za kuwasaidia wakubwa kuamua. Ukisema umechagua upande wa pili, hujamtukana mtu, hujafungua mnada, na bila kuomba lolote umeshawaambia siku gani wakutafute: siku watakapohitaji mtu wa bajeti. Sababu ya namna hiyo inakufanyia kazi hata usipokuwepo.

Akikuuliza moja kwa moja, "Ni mshahara? Tunaweza kuongea," usimdanganye. Sema: "Mshahara upo kwenye picha, lakini haukuamua. Hata mishahara ingekuwa sawa ningekwenda upande ule, kwa hiyo naomba usihangaike kwa ajili yangu." Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kumlinda yeye, na ataithamini. Lakini jiulize kwanza kama ni kweli. Ikiwa moyoni unajua kwamba nyongeza fulani ingekubakiza, basi hukupaswa kupiga simu ya kukataa, ulipaswa kujadiliana mshahara kabla ya kufika hapa. Kukataa kwa kujaribu, ili uone kama watapandisha, ni mchezo ambao waajiri wameshauona mara nyingi mno.

Akiuliza unakwenda wapi, hulazimiki kutaja. "Ningependa nisiitaje hadi nianze" inatosha, hasa kama ni washindani wao. Mshahara wa kule usiutaje kabisa.

Baada ya simu, andika. Jibu kwenye mfululizo uleule wa barua pepe zilizoleta ofa, usianzishe mpya, ili kumbukumbu ikae pamoja na barua yao. Barua isizidi sana maneno 100, kwa mfano:

> Ndugu (jina),
>
> Asante kwa ofa ya nafasi ya mhasibu mwandamizi niliyoipokea Jumatatu. Baada ya kutafakari nimeamua kutoipokea. Nimeshazungumza na meneja wa fedha kwa simu asubuhi hii.
>
> Nimechagua nafasi inayohusu bajeti na uchambuzi wa fedha, eneo ninalotaka kujijenga zaidi. Nilinufaika na mazungumzo yetu ya usaili wa tatu kuhusu mpango wenu wa kuhamisha bajeti za idara kwenye mfumo mmoja, na ningefurahi kusikia kutoka kwenu itakapotokea nafasi ya upande huo.
>
> Nawashukuru kwa muda mlionipa, na nawatakia kila la heri katika kumpata anayefaa.
>
> (Jina na namba ya simu)

Tazama aya ya kati. Imetaja kitu kimoja mahususi kilichozungumzwa kwenye usaili. Weka chako badala ya huo mfano, lakini kiwe cha kweli na kiwe chao, kitu ambacho mwombaji mwingine asingeweza kukiandika. Shukrani za jumla kila mtu huandika na hakuna anayezikumbuka. Pia barua imetaja aina ya nafasi. Usiandike "naomba mnifikirie kwa nafasi yoyote itakayotokea", kwa kuwa anayetaka yoyote hakuna anayejua amwite lini, na kwa mtu aliyekataa nafasi asubuhi hiyohiyo, maneno hayo hayaaminiki. Usiahidi muda pia. "Baada ya miaka miwili nitakuwa tayari" humfanya mwajiri mpya, akija kusikia, ajue ulifika kwake ukiwa na tiketi ya kurudi. Dunia ya wahasibu ni ndogo.

Vitu vingine viache nje ya barua kabisa: malalamiko kuhusu usaili uliochelewa, ushauri wa namna ya kuboresha tangazo, na kuomba radhi mara tatu. Radhi huombwa kwa kosa, na kukataa kazi si kosa. Kama una maoni ya kweli kuhusu mchakato wao, subiri uulizwe, kisha yaseme kwa mdomo.

Barua ikishaondoka, ndipo ubonyeze kile kitufe kwenye mfumo. Kama walikutumia faili zenye takwimu zao halisi kwa ajili ya jaribio la usaili, zifute, wala usizipeleke kazini kwako kupya kama mfano wa kazi.

Halafu uwe mvumilivu na LinkedIn. Watu hukataa Jumatano kwa kusema "mambo ya kifamilia", Jumatatu wanatangaza cheo kipya kwa picha na bendera. Meneja anaona, afisa rasilimali watu anaona, na uongo mdogo uliosemwa kwa heshima unageuka dharau. Wewe umesema kweli, kwa hiyo huna cha kuficha, lakini hata hivyo subiri hadi uwe umeanza kazi na angalau wiki chache zimepita. Wakati huo huenda wao nao wameshapata mtu, na tangazo lako halitawachoma.

Kuhusu mawasiliano ya baadaye, makosa yapo pande zote mbili. Wapo wanaopotea miaka miwili halafu wakaibuka na wasifu wao, na wapo wanaotuma salamu kila mwezi hadi wakawa kero. Siku chache baada ya kukataa, mtumie meneja ombi la kuunganishwa LinkedIn na mstari mmoja wa shukrani. Baada ya miezi mitatu au minne, mtafute ukiwa na kitu cha kumpa. Kilicho bora kuliko vyote ni mtu: akitangaza nafasi na wewe unamjua mhasibu hodari anayetafuta, muombe huyo mhasibu ruhusa, kisha waunganishe. Hakuna salamu inayoshinda hiyo. Ukikosa cha kumpa, ujumbe mfupi mara moja au mbili kwa mwaka unatosha.

Ujue pia mipaka ya jambo hili. Mlango unaoulinda ni wa mtu kuliko wa kampuni. Meneja akihama, kwa kampuni ile unabaki jina kwenye mfumo, lakini kule alikohamia umepata mlango ambao hukuutarajia, kwa hiyo mfuate yeye. Na kama mwajiri ni taasisi ya umma au shirika linalolazimika kutangaza kila nafasi na kushindanisha waombaji, hata meneja anayekupenda hawezi kukuwekea kiti. Anachoweza ni kukwambia tangazo limetoka, nawe utaomba upya na kusailiwa kama wengine.

Siku utakapoomba tena, lile la nyuma litaje wewe mwenyewe mapema, ndani ya barua ya maombi: kwamba mwaka fulani walikupa ofa ya uhasibu mwandamizi, ukachagua uchambuzi, na sasa nafasi yao ndiyo inayounganisha vyote viwili. Ukinyamaza watalikuta kwenye kumbukumbu na kujiuliza kwa nini hukusema.

Limebaki jambo moja ambalo huwa hatuliandai: ofa ya pili ikivunjika wiki hiyohiyo. Sharti limeshindikana, au nafasi imefutwa. Watu huona aibu na kukaa kimya, kumbe siku za mwanzo ndizo zenye nafasi kubwa, kwa sababu yule mwombaji wa pili anaweza kuwa bado hajatia saini. Mpigie meneja siku hiyohiyo: "Kazi niliyoichagua haikuthibitishwa. Kama nafasi yenu bado iko wazi, ningeichukua kwa masharti yaleyale mliyonipa. Kama mmeshampa mtu, naelewa kabisa." Usijadili mshahara hata kidogo, na usimsubirishe jibu: akisema bado ipo, mwambie barua yenye saini itamfikia kabla ya siku kuisha.